Jinsi tulivyorudisha kundi la WhatsApp lililobaki bila admini

Kundi la wapangaji wa ploti moja Umoja lilikuwa na admini mmoja tu, mwanzilishi, aliyehama akafungua WhatsApp upya kwa laini nyingine. Namba yake ya zamani ilibaki kwenye kundi, ikiwa admini lakini haijibu. Hapo ndipo kwenye shida. Admini wa mwisho akijiondoa, WhatsApp huchagua mwanachama yeyote kuwa admini. Lakini namba iliyozimwa haijajiondoa, kwa hiyo hakuna anayechaguliwa, wala hakuna anayeweza kumtoa tapeli kundini.

Tiba ilikuwa kufufua namba ile. Mwenyewe alikwenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wake, akapewa laini mpya yenye namba ileile. Akaisajili WhatsApp kwenye simu ya pili, akaingiza msimbo wa uthibitisho wa tarakimu 6. Waliowasha PIN ya hatua mbili wakaisahau husubiri siku 7, basi ulizia mapema.

Kundi lilipotokea, aligusa jina la kundi juu, akateremka kwenye orodha ya wanachama, akabonyeza jina la mteule kwa muda na kuchagua “Make group admin”. Teueni wawili, tena wanaoishi nyumba tofauti. Hakikisheni neno “Admin” limetokea kando ya majina yao kabla mwanzilishi hajatoka. Akishatoka, admini mpya abadilishe kiungo cha mwaliko kwa “Reset link”, maana kile cha zamani bado kinaingiza watu.