Herufi 35 chini ya jina langu: nilivyoachana na ushauri wa "jaza nafasi yote"

Kuna mkufunzi mmoja wa semina za ajira hapa Dar ambaye ningependa anirudishie hela yangu ya kiingilio. Aliniambia mstari ule unaokaa chini ya jina lako LinkedIn una nafasi ya herufi 220, kwa hiyo usiache hata moja tupu. Nikaanza kujaza: "Mhasibu | Mtaalamu wa Fedha | Mjasiriamali | Mpenda Mabadiliko | Natafuta Fursa". Nilionekana kama kibao cha fundi wa Manzese anayetengeneza redio, viatu na ndoa.

Waliokuja ni wawili watatu waliotaka kuniuzia kozi. Mteja hata mmoja hakuja.

Kazi yangu halisi ni kutunza vitabu vya maduka ya dawa: mauzo ya kila siku, madeni ya wauzaji wa jumla, na stoo, maana dawa inayoisha muda rafuni ni hela iliyokufa na mwenye duka mara nyingi hajui ni kiasi gani. Nilipotazama nani hasa ananilipa, karibu wote walikuwa wa maduka hayo, Sinza hadi Mbagala. Basi nikaandika:

"Natunza hesabu na kufuatilia stoo kwa wamiliki wa maduka ya dawa Dar es Salaam"

Sentensi safi, mwalimu wangu wa Kiswahili angenipa vema. Lakini hapa ndipo penye utamu. Nilimwazima binamu yangu simu yake, kijisimu chenye kioo kidogo, nikatafuta mahali nilipotoa maoni chini ya andiko la mtu. Chini ya jina langu palisomeka: "Natunza hesabu na kufuatilia stoo kwa…" Basi. Kwa nani? Nukta tatu. Mstari huu unakufuata kila unapotoa maoni, kila unapotokea kwenye utafutaji na kila unapomwomba mtu muunganike, na kwenye sehemu nyingi kati ya hizo hukatwa njiani. Zile 220 zote huonekana mtu akishafungua ukurasa wako, na hatafungua kama hajajiona humo.

Kiswahili chetu humweka mwenye kitu mwishoni: hesabu *za* fulani, kazi *kwa* fulani. Kwa hiyo mkasi ukipita, anayekatwa ni mteja. Nikageuza:

"Maduka ya dawa: hesabu na stoo, Dar"

Herufi 35 pamoja na nafasi. Hata ikikatwa baada ya "hesabu", mwenye duka la dawa ameshajiona. Kitenzi nimekitupa, "mtaalamu" nimemtupa, na hakuna aliyemkumbuka. Mambo ya miaka ya uzoefu na programu ninazotumia nimeyapeleka sehemu ya maelezo marefu huko chini.

Kisha nikampa jirani yangu, mama muuza vitenge, asome mara moja nikamfunika kioo. Nikamuuliza: "Mama, huyu mtu ungempelekea nani?" Akasema, "Si yule dada wa famasi hapo kona?" Mstari wa mkufunzi nilipomfanyia hivyohivyo alijibu, "Huyu anatafuta kazi, maskini." Fanya jaribio hili kwa mtu asiye wa fani yako. Wahasibu wenzangu waliusifu hata ule wa kwanza.

Rafiki yangu alinisukuma niweke "Mkaguzi" ili nionekane mzito. Nilikataa. Kukagua hesabu za watu ni kazi ya aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu, NBAA, kwa shughuli hiyo, na mshauri wa kodi naye husajiliwa TRA. Mimi ni mtunza vitabu. Mstari mfupi hauna pa kujifichia, ukidanganya unaonekana haraka.

Kubadili ni kugusa kipenseli kwenye wasifu na kuandika kwenye Headline. Angalia tu baada ya kubadili kazi, maana pale hujazwa cheo na jina la kampuni usipoandika lako, na "Mhasibu, kampuni fulani" haimwambii mtu kitu. Mstari huohuo niliuweka pia kwenye "kuhusu" ya WhatsApp, ambako nafasi ni herufi 139, kwa sababu wenye maduka wengi wako huko kuliko LinkedIn.

Simu hazikumiminika, nisiwadanganye. Ila wanaopiga sasa huanza na "nina duka la dawa", hawaanzi na "kwani wewe unafanya nini hasa?"

Hofu yangu ilikuwa kuwafukuza wengine. Juzi kapiga mzee wa duka la vifaa vya ujenzi Buguruni. Nikamwambia mimi ni wa maduka ya dawa. Akacheka: "Kijana, kama vidonge unavihesabu, misumari itakushinda?" Jumatatu naanza kwake, na bei nimempandishia kidogo.