Betri ya Kigari cha Mpwa Wangu

Betri zangu tatu zilikuwa zimekwisha chaji, na mimi hamu ya kurusha ilikuwa haijanitoka. Droni yenyewe ni ile ndogo ya kuchezea ndani ya nyumba, inayotosha kiganjani, yenye mota nne za brashi na betri ya seli moja. Mpwa wangu alikuwa sakafuni na kigari chake cha rimoti. Akachomoa betri yake, akanionyesha.

"Mjomba, si utumie hii? Plagi yake ni ileile."

Kweli ilikuwa ileile. Plagi nyeupe ya JST PH, matundu mawili, milimita 2 kutoka pini hadi pini. Nikaisukuma, ikaingia laini kabisa na kubana. Taa haikuwaka. Nikasikia harufu kabla sijaona moshi, harufu ile kali ya bodi inayoungua, kisha waya zikaanza kunichoma vidole. Plagi hizi ni ndogo, hazina pa kushika, basi nikahangaika nayo kwa kucha kama sekunde nne hivi. Nilipoing'oa, mambo yalikuwa yamekwisha.

Mpwa wangu ndiye aliyeliona kosa. Aliziweka betri mbili sambamba, mbavu za plagi zikitazama juu. Kwenye yangu waya mwekundu ulikuwa kulia. Kwenye yake, kushoto. Nikaipima betri yake, ncha nyekundu ya mita nikaiweka kwenye tundu ambalo kwa betri zangu ndilo chanya, mita ikasoma volti -4.1. Alama ile ya kutoa ndiyo iliyoniua.

Kilichoniponza ni umbo la plagi. Ina mbavu upande mmoja ili isiingie kinyume, nami nikadhani kikiingia basi ni sahihi. Kumbe mbavu zinalinda plagi isigeuzwe tu. Kiwanda cha plagi huuza ganda tupu na vibano vya chuma. Chanya ikae tundu gani, huamua aliyeunga betri. Aliyeunga zangu aliamua hivi, wa kigari akaamua vile.

Nilimpelekea bodi rafiki yangu fundi wa simu. Alipima kati ya chanya na hasi, mita ikapiga kelele: shoti. Chini ya lenzi, transista mbili kati ya zile nne zinazoendesha mota zilikuwa na kishimo katikati, kama kipele kilichotumbuliwa.

"Lakini sikuwa nimeiwasha hata mota moja," nikamwambia.

"Hukuhitaji kuwasha, ndugu yangu." Akanichorea. Ndani ya kila transista ya aina hiyo mna dayodi, na kando ya kila mota kuna dayodi nyingine ya kumeza umeme unaorudi mota ikizimwa. Betri ikiwa sawa, zote mbili zimefunga. Ukiigeuza, zote mbili zinafunguka, na umeme unapita kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine bila kupitia mota. Njia hizo zilikuwa nne. Na betri ya litiamu, hata ikiwa ndogo kama kipande cha chingamu, haina huruma kwenye shoti.

Alizing'oa zile mbili, shoti ikaondoka. Akajaribu kuwasha kwa umeme mdogo, lakini kidhibiti kilichopaswa kutoa volti 3.3 kwa ajili ya chipu hakikutoa kitu. Hapo akaweka pasi chini. Nikanunua bodi mpya.

Kwa kuwa waya wa betri wa bodi mpya ningeuchomelea mwenyewe, niliamua nyumba nzima ifuate mpangilio wa kigari. Kubadilisha mpangilio wa betri za zamani hakuhitaji kuchomelea. Kwenye ganda la plagi kuna kidirisha, humo unaona ulimi mdogo wa chuma. Unaubonyeza kwa sindano na kuvuta waya taratibu, kibano kinatoka kizima. Betri ya kwanza nilichomoa waya zote mbili kwa pamoja, vibano vikagusana, cheche ikaruka mezani. Mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini. Zilizobaki nilitoa waya mmoja, nikaufunga kwa utepe, ndipo nikagusa wa pili.

Zilipokuwa tayari nikaichukua chaja yangu ili nizijaze, nikaukumbuka moshi. Chaja ilikuwa bado na mpangilio wa zamani, na tundu lake lingezipokea betri zile kwa ulaini uleule. Nilichukua mkasi, nikakata waya wake, tukabaki na chaja ya kigari peke yake.

Siku ya kuwasha bodi mpya, mpwa wangu alishika mita. Alipima betri, akasema, "Haina alama ya kutoa, Mjomba." Nikamwambia apime tena.