Nilivyogeuza miaka ya enzi ya Kangxi kuwa miaka ya kawaida

Nilipoanza kuandika wasifu wa Kangxi, mfalme wa China wa nasaba ya Qing, nilikuta kwamba kumbukumbu za utawala wake huhesabu miaka kwa jina la enzi, kwa mfano "mwaka wa 26 wa Kangxi". Nikaona hesabu ni nyepesi. Baba yake, Shunzhi, alifariki Februari 1661, na mtoto akatawazwa mwezi huohuo, basi nikaufanya 1661 kuwa mwaka wa kwanza.

Kosa langu lilijitokeza nilipofika kwenye kifo chake, ambacho kumbukumbu hukiweka katika mwaka wa 61. Kwa hesabu yangu huo ulikuwa 1721, ilhali Kangxi alifariki tarehe 20 Desemba 1722. Kumbe mfalme alipofariki katikati ya mwaka, jina la enzi yake liliendelea kutumika hadi mwaka huo ulipokwisha. Kwa hiyo 1661 ulibaki kuwa mwaka wa 18 wa Shunzhi, na mwaka wa kwanza wa Kangxi ukaanza siku ya mwaka mpya wa Kichina, tarehe 18 Februari 1662. Tangu hapo nikawa najumlisha 1661 kwenye namba ya mwaka wa enzi: 61 na 1661 ni 1722.

Hata hivyo, kanuni hiyo hukupa mwaka ambamo sehemu kubwa ya mwaka wa Kichina imeangukia, si mwaka wote. Kalenda ile hufuata mwezi mwandamo, lakini haizunguki majira yote kama kalenda ya Kiislamu, kwa sababu kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa 13. Mwaka mpya wake huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, kwa hiyo siku za mwisho za mwaka wa enzi huwa tayari zimeingia katika mwaka wetu unaofuata.

Jambo hilo lilinigusa nilipofika kwa Xiaozhuang, bibi yake Kangxi, aliyemlea na ambaye kifo chake kilimhuzunisha sana. Alifariki siku ya 25 ya mwezi wa 12, mwaka wa 26 wa Kangxi. Kanuni ilinipa 1687, nami nilikuwa nimekwisha kuuandika. Nilipoitafuta siku yenyewe katika jedwali la kulinganisha kalenda, nikakuta ni tarehe 27 Januari 1688, siku chache tu kabla ya mwaka wa 27 kuanza. Ikabidi nirudi nyuma na kukagua upya kila tukio la mwezi wa 11 na wa 12, siku kwa siku, na pale ambapo kumbukumbu zilitaja mwaka bila mwezi niliandika "mwaka wa 26 wa Kangxi (1687/88)".