Penseli mbili na gharika ya Nuhu

Leo nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa theolojia uhakiki wa vyanzo, yaani kutafuta masimulizi ya awali yaliyounganishwa kuwa andiko moja. Niliwapa Mwanzo 6 hadi 8 na penseli mbili: nyekundu kila penye "BWANA", buluu kila penye "Mungu".

Dakika ishirini baadaye darasa likanyamaza. Kwenye buluu, Nuhu anaingiza wanyama wawili wawili, na maji yanatawala siku 150. Kwenye nyekundu, wanyama safi ni saba saba, na mvua inanyesha siku 40. Kila rangi ukiisoma peke yake, kisa karibu kinakamilika. Binti mmoja akaona kitu ninachokipenda sana: katika 8:20 Nuhu anachinja wanyama safi. Wangekuwa wawili tu, aina hiyo ingeishia pale madhabahuni!

Jina pekee halitoshi, niliwaambia; tunatafuta tofauti zinazokwenda pamoja. Na 7:8-9 inasumbua: inataja wanyama safi, lakini wawili wawili, tena kwa agizo la "Mungu". Wengi huona hapo mkono wa mhariri aliyeunganisha masimulizi. Mistari hiyo tumeiacha bila rangi.