Tufe la sufi: kupima joto linavyopita kwenye ukuta wa mviringo

Mradi huu ulianza na swali la godoro. Nyumbani Tanga bado tuna godoro la sufi la zamani, na nilitaka kujua sufi inazuia joto kiasi gani, kwa namba. Njia niliyoichagua ni ya matufe mawili, dogo ndani ya kubwa, na sufi imejaa katikati. Uzuri wa tufe ni kwamba halina pembe wala kingo. Ukipima ubao bapa, joto lina njia ya kutorokea pembeni. Kwenye tufe, joto lote linaloingia ndani lazima lipite kwenye sufi.

Tufe la ndani nimelitengeneza kwa bakuli mbili za stili zilizofunikwa mdomo kwa mdomo na kugandishwa kwa gundi ya epoksi. Nilizunguka sokoni nikiwa na kikombe cha vipimo, kwa sababu bakuli nyingi zinazoonekana nusu tufe si nusu tufe. Ya nusukipenyo cha sentimita 6 inapaswa kubeba mililita 452 za maji. Nilizopata zinabeba 450 na 455, zikanitosha. La nje lina nusukipenyo cha sentimita 10. Bomba jembamba la plastiki linatoka tufe la ndani hadi juu, ndimo ninamopitishia barafu iliyopondwa. Katikati nilishindilia gramu 160 za sufi kavu. Fundi magodoro aliyeniuzia alinionya, "Mwanangu, usiikamue sana, sufi ikikosa hewa haina kazi." Nilipima uzito wake kabla ya kuijaza ili nikitaka kurudia nijue niliibana kiasi gani.

Wiki ya kwanza: joto la nje halitulii

Hesabu inataka uso wa ndani ubaki kwenye joto moja na uso wa nje kwenye joto jingine, bila kubadilika. Ndani si tabu, barafu inayoyeyuka iko nyuzi 0. Nje nililiacha tufe mezani nikidhani uso wake utakuwa na joto la chumba. Haukuwa. Chumba kilikuwa nyuzi 30, stili ikawa karibu 28, na kila feni ilipogeuka upande wangu namba ilihama. Hewa inagusa uso kwa ulegevu mno, haiwezi kuulazimisha ufuate joto lake.

Dawa yake ni maji. Nililizamisha tufe kwenye pipa la maji ya nyuzi 28, shingo ikibaki juu. Lilikuwa jepesi likaelea, nikalazimika kulifunga kamba kwenye tofali mbili. Baada ya hapo uso wa nje haukutoka nyuzi 28 zaidi ya sehemu chache za kumi.

Wiki ya pili: maji yaliingia

Jaribio la kwanza la saa sita liliyeyusha gramu 268 za barafu. Nilifurahi kupata namba yoyote, mpaka nilipolitoa tufe pipani na kuliona zito. Mizani ilisema limeongezeka gramu 310. Mpira wa kufungia bakuli za nje ulikuwa umepinda upande mmoja, na maji yalipenya.

Dalili nyingine nilikuwa nayo tangu mwanzo na sikuisoma. Katikati ya sufi, sentimita 8 kutoka kitovuni, nimeweka kipimajoto chembamba. Siku ile kilionyesha nyuzi 20.6. Nitaeleza hapa chini kwa nini namba hiyo peke yake ilitosha kunipa habari.

Unyuzi wa sufi una nta, haunywi maji kirahisi, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea. Lakini maji yakikaa kati ya nyuzi yanachukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini ya hewa tulivu. Nikaianika sufi siku tatu, nikabadili mpira, nikazungushia silikoni. Sasa kila jaribio napima uzito wa tufe kabla na baada. Ukibadilika, jaribio nalitupa.

Wiki ya tatu: namba safi

Utaratibu nilioufikia ni huu. Najaza barafu, nasubiri saa moja ili joto ndani ya sufi litulie. Kisha namwaga maji yote kupitia wavu, narudisha gramu 200 za maji ya barafu, naanza kuhesabu saa. Baada ya saa sita namwaga tena na kupima. Maji yanayobaki yamenata kwenye vipande vya barafu ni karibu sawa mwanzo na mwisho, kwa hiyo yanafutana.

Kuna jambo lilinisumbua: barafu huelea, na maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, basi huzama chini. Kipimajoto nilichoshusha hadi sakafu ya tufe kilisoma nyuzi 3. Sasa nalitikisa tufe kila nusu saa.

Majaribio matatu yaliyeyusha gramu 141, 138 na 142. Nachukua 140. Gramu moja ya barafu inahitaji jouli 334 kuyeyuka, kwa hiyo kwa sekunde 21,600 joto lililopita ni wati 2.16.

Hapa ndipo nilipokosea kwanza. Nilitumia kanuni ya ukuta bapa kwa eneo la tufe la ndani, nikapata k, yaani kiwango cha sufi kupitisha joto, kuwa 0.068 W/mK. Nikitumia eneo la nje napata 0.025. Sufi ni ileile, majibu mawili yanapishana karibu mara tatu! Sababu ni kwamba joto linapoelekea ndani linabanwa kwenye eneo linalozidi kupungua, kwa hiyo mteremko wa joto unazidi kuwa mkali karibu na barafu. Kanuni ya tufe inalibeba hilo, Q ikiwa wati zinazopita, T1 na r1 joto na nusukipenyo cha ndani, T2 na r2 vya nje:

```
Q = 4*pi*k*(T2 - T1) / (1/r1 - 1/r2)
k = 2.16 * (1/0.06 - 1/0.10) / (4*pi*28) = 0.041 W/mK
```

Hata wastani wa kawaida wa maeneo mawili haufai, unatoa 0.036. Kwenye matangi makubwa ya gesi ya mviringo tofauti hii haionekani, maana unene wa ukuta ni kidogo sana ukilinganisha na nusukipenyo. Kwenye kitufe changu ndiyo jambo lenyewe.

Sasa kile kipimajoto cha katikati. Kwenye ukuta bapa, nusu ya njia ingekuwa nyuzi 14. Kwenye tufe:

```
T = 28 * (1/6 - 1/8) / (1/6 - 1/10) = 17.5
```

Nilisoma 17.3. Tazama kwamba k haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Mradi kitu kilichojazwa ni sawasawa kote, katikati lazima pawe 17.5, iwe sufi, iwe pumba, iwe mchanga. Zile 20.6 za wiki ya pili zilikuwa zinaniambia kwamba tabaka la nje linapitisha joto kuliko la ndani: maji yalikuwa yameanzia nje.

Ninapoelekea

Nilitaka kununua bakuli kubwa zaidi niongeze sufi iwe sentimita 8 badala ya 4. Nikapiga hesabu kwanza: joto lingeshuka kutoka wati 2.16 hadi 1.52 tu, wala si nusu. Na hata ningeizungushia sufi isiyo na mwisho, kanuni inagoma kwenye wati 0.87, kwa sababu kadiri unene unavyoongezeka ndivyo uso wa nje unaopokea joto unavyopanuka. Bakuli nimeziacha dukani. Nitabaki na hizi hizi na kubadili ushindiliaji: gramu 100, kisha 220. Ya gramu 100 nimeijaza jana usiku, na asubuhi hii katikati panasoma 15.9. Nadhani sufi imeshuka ikaacha pengo upande wa juu. Nafungua tena.