Walivyonipigia "watu wa benki" wakakosa walichotaka

Kuna ushauri umezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp na unaniudhi kila nikiuona: eti meseji ikija kwa jina la benki ni halali, ikija kwa namba ya kawaida ni ya matapeli. Ushauri huu unawaponza watu. Lile jina linaloonekana juu ya meseji huandikwa na mtumaji kwenye mfumo wake, na simu yako kazi yake ni kupanga meseji kwa majina tu. Tapeli akifanikiwa kutumia jina lile lile, meseji yake inaangukia chini ya zile halali za miaka yote, na wewe unaziona kama zimetoka mkono mmoja.

Mimi nimekaa kaunta ya malipo hotelini hapa Arusha kwa miaka mingi. Kadi za kila aina zimepita mikononi mwangu, na kazi hiyo ndiyo iliyonisaidia siku waliponipigia.

Alipiga mchana, sauti ya upole, Kiswahili kimenyooka. "Habari za kazi, dada. Nakupigia kutoka makao makuu ya benki yako, kitengo cha usalama wa kadi." Akasema kuna mtu amejaribu kutumia kadi yangu nje ya nchi na anataka kuifunga kabla hela haijatoka. Ili nimwamini, akanisomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yangu, kisha nne za mwisho. Zote sahihi. "Sasa dada, kwa usalama wako, nimalizie hizo za katikati ili nihakikishe naongea na mwenye kadi."

Wengi hapa ndipo wanapolainika, maana wanajiuliza amezijuaje. Lakini zile za mwanzo si siri hata kidogo. Zinatambulisha benki iliyotoa kadi na aina ya kadi, kwa hiyo kundi kubwa la wateja wanazo zile zile. Kadi yangu na ya mume wangu ni za benki moja, aina moja. Ziweke sambamba mezani, sita za mwanzo hazitofautiani. Nne za mwisho nazo huchapishwa kwenye risiti ya mashine ya kulipia, na risiti hizo watu huziacha mezani au huzitupa pale pale mlangoni. Nimeziokota nyingi. Kwa hiyo aliyekuwa ananisomea tarakimu kumi alikuwa ameokota karatasi moja tu na kujua kadi za benki ile zinaanzaje. Kilichomkosesha usingizi ni zile sita za katikati.

Nikamwambia, "Sawa kaka, andika." Nikambunia sita kutoka kichwani. Nilijua kitakachotokea, kwa sababu tarakimu ya mwisho ya kadi hukokotolewa kutokana na zote zilizoitangulia. Ukibuni za katikati, hesabu hiyo inagoma karibu mara 9 kati ya 10, na ukurasa wowote wa malipo mtandaoni unaikataa namba papo hapo. Nikamsikia anabonyeza. Kimya kidogo. "Dada, hebu rudia, mfumo umekataa." Nikarudia nyingine za kubuni, polepole, kama mtu anayesoma bila miwani. Ikakataa tena. Akaanza kupoteza upole wake, akasema nikichelewa akaunti itafungwa. Nikamuuliza, "Kaka, benki ndiyo iliyonitengenezea hii kadi. Namba nzima si unayo hapo mbele yako?" Simu ikakatwa.

Swali hilo nimekuwa nikilifundisha nyumbani na kazini tangu siku ile, kwa sababu linafanya kazi kwa kila kitu wanachoomba. Namba ya kadi, tarehe ya kuisha, tarakimu tatu za nyuma, namba ya uthibitisho inayokuja kwa meseji: vyote vimetoka benki au mfumo wake unaweza kuvihakiki wenyewe. Anayekuuliza ni yule asiyekuwa navyo. Simshauri mtu acheze nao kama nilivyocheza mimi. Ukishajua ni nani, kata.

Kwa mjomba wangu mambo yalikuwa yamefika mbali zaidi. Ni mstaafu, pensheni yake inapita benki. Nilikuwa nimekaa naye barazani simu ilipoita, akaweka sauti ya nje kwa sababu masikio yamechoka. "Shikamoo mzee. Kuna mtu ananunua kitu kwa kadi yako sasa hivi, tunataka kumzuia. Utapata meseji yenye tarakimu sita, nisomee." Na kweli meseji ikaingia. Halafu yule kijana akaongeza jambo lililonishtua kuliko yote: "Usiifungue, mzee. Nisomee tu hiyo inayoonekana juu ya kioo."

Nikamnyang'anya mjomba simu, nikakata, nikaifungua meseji. Juu ya kioo ulionekana mstari wa kwanza tu, wenye zile tarakimu sita. Ukiifungua unakuta mengine: jina la duka la mtandaoni ambalo mjomba hajawahi kulisikia, kiasi cha 1,140,000, na mwisho onyo kwamba usimpe mtu yeyote namba hii. Ilikuwa ya Kiingereza, ndiyo maana wazee wengi hawahangaiki nayo. Lakini kiasi cha hela hakihitaji Kiingereza. Nilimwonyesha mjomba kwa kidole: "Hii ni namba ya kukubali ununuzi, mjomba. Hakuna namba ya kuzuia." Ununuzi ambao haujathibitishwa haukamiliki, na tarakimu zile hufa zenyewe baada ya dakika chache. Ndiyo maana wanaharakisha hivyo. Muda unaokwisha ni wao.

Nilipomwambia jirani, akasema basi yameisha, mzee hakusoma namba. Hayakuwa yameisha. Meseji ya kuthibitisha ununuzi ikija bila wewe kununua kitu, maana yake kuna mtu tayari ameijaza kadi yako yote kwenye ukurasa wa malipo, na kilichobaki ni tarakimu sita tu. Atarudi kesho kwa sauti nyingine, au atatafuta duka lisilouliza uthibitisho. Maduka ya namna hiyo yapo.

Tulichukua simu yangu, si ile ya mjomba, tukabonyeza namba iliyochapishwa nyuma ya kadi, tarakimu moja moja. Sikutaka kupiga namba iliyokuwa kwenye simu yake wala yoyote iliyotumwa kwa meseji. Mhudumu akaifunga kadi tukiwa bado tunaongea naye. Hakuuliza namba ya siri wala meseji yoyote. Aliuliza mambo ya akaunti, mjomba akajibu. Namba iliyompigia mjomba tukairipoti TCRA kupitia 15040, ambako ndiko zinakotumwa namba za utapeli hapa Tanzania.

Kesho yake tukaenda tawini kuomba kadi mpya. Walitukata elfu kumi na kitu, siikumbuki sawasawa. Pale dirishani nikamuuliza dada wa benki kama anaweza kuizima kadi mpya isitumike kununua mtandaoni, maana mjomba huitumia kutolea hela kwenye mashine tu. Alisema inawezekana, akatoa fomu ya ukurasa mmoja, mjomba akaweka saini.