Ujumbe wa saa tisa usiku

Juzi usiku mvua ya masika ilitupiga hapa Tanga, nikatoka na tochi kutazama mtaro. Maji meusi, yamebeba makuti na ndoo ya mtu, yamebakiza shubiri moja kufika barazani. Nikaandika kwenye grupu la mtaa: "Jamani maji yanakuja!" Simu zikaanza kuita: wapi? Kwa nani? Nikaufuta, nikaandika upya:

"Saa 9:10 usiku. Mtaro wa nyuma ya msikiti umefurika. Nyumba za bondeni, chukueni watoto na wazee, pandeni barabara ya lami. Zimeni swichi kuu ya umeme ikiwa tu mnaifikia mkiwa pakavu. Msivuke mtaro, hata maji yakiwa ya magoti. Yanaangusha mtu mzima. Uokoaji: 114. Nitaandika tena saa 9:40."

Watu wakatoka bila kukimbizana. Bibi jirani hana simu, tukamgongea dirisha.

Ile saa ya mwanzoni mwa ujumbe msiache kamwe kuiandika. Asubuhi mjomba wangu wa Muheza aliupata ujumbe huohuo, moyo ukamlipuka, kisha akaona saa. Na maji yalipopungua niliandika: "Saa 11:20. Yameshuka. Umeme msiwashe, ukuta bado umelowa."